Zawadi kwa familia iliyotoka Nyarugusu: buti za watoto kwanza, kisha sufuria ya ugali

*Swali:* Habari za kazi. Sisi ni familia nne za Watanzania hapa Winnipeg, Kanada. Mwezi huu wa kumi wamehamia kwenye jengo letu Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma: mama, bibi, na watoto wanne wa miaka 15, 11, 8 na mwaka mmoja na nusu. Tumechanga dola 600 tuwapelekee zawadi, lakini hatutaki wajione kama ombaomba. Majirani wengine wameshawaletea mifuko ya nguo kuukuu. Mwenzetu mmoja ana kiti cha mtoto cha kwenye gari na kile kigari cha kujifunzia kutembea, anataka kuvitoa. Tupeleke nini, na tupeleke vipi?

*Jibu:* Dada, hizo dola 600 zitoshe kwanza kwa miguu ya watoto, halafu jiko. Mengine yote yanaweza kusubiri. Nitaeleza kwa nini, na mwishoni nitazigawa hizo hela zote tuone zinafika wapi.

Lakini kabla hamjanunua hata soksi, muulizeni mama jambo moja: amekuja kwa msaada wa serikali au amedhaminiwa na kikundi cha watu binafsi, kama kanisa? Jibu lake ndilo linaloonyesha pengo liko wapi. Aliyekuja kwa msaada wa serikali huwa anapokelewa na shirika la makazi. Wiki za kwanza hulala nyumba ya muda, na akipata nyumba ya kudumu hupewa vitu vya kuanzia: vitanda, meza, viti, shuka, mablanketi, sahani na vyombo vichache vya jikoni. Kisha hupata posho ya mwezi, ambayo kwa kawaida huisha ndani ya mwaka mmoja. Aliyedhaminiwa na kikundi huletewa vitu hivyo na kikundi chake. Kwa vyovyote vile, familia hiyo ina vitanda na ina sahani. Mkipeleka seti ya vikombe, mtakuta kabatini tayari ziko mbili.

Pengo kubwa liko kwenye baridi, na hasa miguuni. Watoto mara nyingi hupata koti zuri, kwa sababu koti ndilo kila mtu hulifikiria. Buti hufikiriwa mwisho, na hununuliwa kwa kukisia. Watoto wa Nyarugusu wamekulia Kasulu, kwa ndala na viatu vya wazi, kwenye kambi iliyopo tangu 1996. Kwa hiyo hawa wenu yumkini wamezaliwa humo humo. Hakuna mtu katika nyumba hiyo anayejua buti ya theluji inatakiwa ikae vipi mguuni. Mama ataangalia kama kiatu kinaingia, na kikiingia ataridhika.

Na hapo Winnipeg jambo hili si dogo. Usiku wa Januari kwa kawaida hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kabla hujahesabu upepo. Baridi ya upepo ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Shule za huko huwatoa watoto kucheza nje wakati wa mapumziko mpaka baridi ikaribie kiwango hicho, na ndipo huwabakiza ndani. Maana yake mtoto wenu wa miaka 8 atasimama kwenye theluji siku nyingi sana, na mwalimu hatajua kwamba vidole vyake vimekufa ganzi, kwa kuwa mtoto mgeni huwa hasemi.

Saizi ndiyo inayoharibu zawadi nyingi. Namba za viatu alizozizoea mama ni zile za Ulaya zinazotumika Tanzania, na namba za Kanada ni nyingine kabisa. Za watoto wadogo hupanda mpaka 13, kisha huanza tena 1. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuwa "2" na mdogo wake akawa "10", na mama akadhani muuzaji amekosea. Kwa hiyo achaneni na namba. Chukueni karatasi nyeupe na kalamu. Mtoto avae soksi nene atakayovaa na buti, asimame wima juu ya karatasi kwa miguu yote miwili, na mama mwenyewe achore kuzunguka kila mguu akishika kalamu wima. Andikeni jina la mtoto kwenye mchoro. Pimeni urefu wa mguu mkubwa zaidi, maana mara nyingi miguu hailingani, kisha ongezeni sentimita moja hadi moja na nusu. Urefu huo ndio unaotafutwa ndani ya buti. Nafasi hiyo ya ziada inashika hewa, na hewa ndiyo inayotunza joto la mguu. Buti inayobana, hata iwe ya bei gani, ni baridi.

Nimesema mama achore mwenyewe, na nina sababu. Mkifika nyinyi na kuwapanga watoto wake mstari muwapime, mmemgeuza mtazamaji nyumbani kwake. Akichora yeye, na bibi akishika karatasi, kazi ni yao na nyinyi ni wageni mliokuja kusaidia.

Dukani tafuteni buti yenye soksi nene ya ndani inayotoka. Ivuteni kwa mkono muone. Ikitoka, hukaushwa usiku kucha na asubuhi inarudi kavu. Buti ambayo manyoya yake yameshonewa ndani kabisa huchukua siku mbili kukauka ikishaingia maji, na mtoto atavaa mbichi asubuhi ya pili. Mwonyesheni mama namna ya kuitoa na mahali pa kuianika: karibu na hita, lakini isiwekwe juu ya hita. Atajua kama buti inafaa kwa kugusa soksi za mtoto akirudi shule. Zikiwa kavu na vidole vina joto, sawa. Zikiwa na unyevu kwenye vidole, ama maji yanaingia ama mtoto anatoka jasho kwa kuvalishwa soksi mbili tatu za pamba. Pamba hushika jasho na jasho hugeuka baridi. Soksi moja ya sufu inashinda tatu za pamba.

Kila mtoto wa shule apate glavu jozi mbili, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake. Jozi moja italowana mapumziko ya asubuhi, na bila ya pili mchana mtoto hana kitu mkononi. Badala ya skafu ndefu nunueni ile ya shingo iliyoshonwa duara, kwa sababu skafu inayoning'inia hunasa kwenye vifaa vya kuchezea na ni hatari kwa mtoto mdogo. Suruali ya theluji ni lazima kwa wale wa miaka 8 na 11, ila hiyo huwa inapatikana nzuri kwenye maduka ya mitumba kwa bei nafuu, maana watoto hukua kabla haijachakaa. Andikeni majina ndani ya kila kitu. Shuleni suruali nyeusi ishirini hutundikwa ukuta mmoja.

Yule wa miaka 15 msimchagulie buti. Huyo mpeni kadi ya zawadi ya duka la viatu lililo karibu na kwao, na kijana wenu mmoja wa rika lake aende naye. Ndiyo kwanza ameanza shule asiyojua lugha yake vizuri, na akivaa buti alizochaguliwa na akina mama wa jengo, wenzake wataona. Atakachochagua kinaweza kisiwe cha joto kabisa. Kijana wenu amshauri tu kwamba soksi ya ndani itoke na soli iwe ya mpira laini, ili isiteleze. Na mkimpa kadi, mwambieni mama kuwa hakuna ofisi ya serikali ya Kanada inayodai malipo kwa kadi za zawadi. Matapeli hupigia simu wageni wakijifanya watu wa kodi au uhamiaji, na hizo kadi ndizo wanazoziomba.

Bibi anasahaulika kila mara. Yeye atakaa ndani miezi mitano kwa kuogopa kuanguka, na hofu yake ina msingi. Mnunulieni buti nyepesi yenye zipu ya pembeni, asilazimike kuinama kufunga kamba, na soli yenye mikwaruzo mikubwa. Zile chuma za kufunga chini ya kiatu ili zishike barafu zinafaa, mradi aonyeshwe kuzivua kabla ya kukanyaga sakafu ya ndani. Kwenye vigae huteleza kuliko barafu yenyewe.

Sasa jikoni. Vyombo wanavyopewa wageni ni vya wapishi wa huko: sufuria ndogo nyembamba na kikaango cheusi kisichogandisha. Jaribu kusonga ugali wa watu sita humo. Sufuria inazunguka na mkono, mpini mmoja unalegea, na mwiko unakwangua ule weusi mpaka unaingia kwenye chakula. Mama akikuta hivyo anapika wali kila siku, na bibi anashinda njaa akisema ameshiba.

Pelekeni sufuria nzito ya alumini ya lita 6 hadi 8, yenye mikono miwili na kitako bapa. Sisitizeni kitako. Sufuria za nyumbani zenye kitako cha mviringo zilitengenezwa kwa mafiga na majiko ya mkaa. Juu ya jiko la umeme hugusa sehemu ndogo tu, hapo panaungua na pembeni pabichi. Kabla ya kununua ulizeni jiko lao ni la duara za chuma au la kioo bapa. La chuma linavumilia. La kioo linaweza kupasuka sufuria nzito ikigongwa juu yake, kwa hiyo wengine huishusha sufuria chini kwenye kitambaa na kusongea huko, kama tulivyozoea. Ongezeni mwiko mrefu wa mbao.

Pamoja na sufuria iende chakula cha siku mbili tatu, nao hapa msikisie. Nyinyi ni Watanzania na mtawaza sembe. Wakongo wa Kivu Kusini wengi hupenda bugali wa muhogo, au muhogo uliochanganywa na mahindi, na sombe, yaani kisamvu, ndagala, yaani dagaa, na mawese. Kambini walikula unga wa mahindi wa mgao miaka na miaka, na wapo wasiotaka kuuona tena. Muulizeni bibi anapenda upi. Winnipeg kuna maduka ya Waafrika, na humo unga wa muhogo, sombe iliyogandishwa, ndagala wakavu na mawese hupatikana. Unga wa mahindi wa njano unaouzwa maduka makubwa wengi hawaupendi. Ladha ni nyingine na hausongeki vizuri.

Siku ya kwanza ya ndagala kengele ya moshi italia. Kwa mtu aliyekimbia vita, kelele ile ghafla ndani ya nyumba si mzaha, na ninajua nyumba ambazo betri ilitolewa siku hiyo hiyo na haikurudishwa. Mwonyesheni mama feni iliyo juu ya jiko, na kitufe cha kunyamazisha kengele bila kuifungua. Hiyo ni dakika tano, na ina thamani kuliko nusu ya vitu mtakavyobeba.

Nije kwa mwenzenu. Kile kigari cha kujifunzia kutembea kisitolewe. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004, kipya au cha mtumba, na kumpa mtu bure kunahesabika vilevile, kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka nacho ngazi. Mama hana namna ya kujua hilo. Atakitumia kwa shukrani. Kivunjwe kitupwe.

Kiti cha kwenye gari kinaweza kuwa zawadi bora kuliko zote au kikawa cha hatari, inategemea mambo matatu. Mgeuze kiti: kwenye plastiki pamepigwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikiwa imepita, hakifai. Tafuta alama ya usalama ya Kanada, jani lile la bendera ya Kanada ndani ya duara. Kiti kilichonunuliwa Marekani hakina alama hiyo na hakikubaliki kisheria. Kisha mwulize mwenzenu kama kiti kimewahi kuwa ndani ya gari lililogongwa, hata kidogo. Akisita kujibu, kiacheni. Msiseme familia haina gari. Watachukuliwa na watu kwenda kliniki na kanisani kila wiki, na sheria inamhusu mtoto, gari liwe la nani. Mtoto wa miaka 8 naye, huko Manitoba, anatakiwa kukaa kwenye kiti cha kumwinua mpaka afike urefu wa sentimita 145, au uzito wa kilo 36, au umri wa miaka 9. Kiti hicho ni cha bei ndogo na hakuna anayekikumbuka.

Godoro na kochi la mtumba msipeleke kabisa, kwa ajili ya kunguni. Nguo za mitumba mlizochagua wenyewe, zipitisheni kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali nusu saa kabla ya kuzifunga. Ile mifuko ya majirani mwacheni mama aamue. Mwambieni tu kwamba asichokitaka anaweza kukipeleka duka la mitumba bila kumkosea mtu, kwani wageni wengi huhifadhi takataka za watu chumbani mwaka mzima kwa heshima.

Epukeni pia kila kitu kinachokuja na bili. Simu yenye mkataba wa mwezi, televisheni ya kulipia, intaneti iliyoandikishwa kwa jina la mmoja wenu. Wakimbizi wengi hufika Kanada na deni la nauli ya ndege na vipimo vya afya, ambalo watalilipa kidogo kidogo, na posho yao haina nafasi ya kitu kingine. Laini iliyo kwa jina lako pia inakufanya uwe mlango wa mawasiliano yao, na siku mkikosana nani atampigia ndugu aliyebaki Nyarugusu? Mkitaka kusaidia hapo, nunueni laini ya kulipia kabla, iandikwe jina la mama, na muda wa maongezi wa mwezi mmoja.

Kuhusu namna ya kupeleka. Waende watu wawili, mmojawapo mwanamke, wapige simu kwanza waulize siku inayofaa. Familia nne zikiingia pamoja na mabegi, jengo zima litajua. Salamu zianze kwa bibi. Zawadi akabidhiwe mama mikononi, watoto wakiwa chumba kingine ikiwezekana, ili asilazimike kushukuru mbele yao, na lugha mnayo, kwa hiyo yule wa miaka 15 asifanywe mkalimani wa misaada ya nyumbani kwao. Wekeni risiti zote kwenye bahasha moja. Kwa risiti anaweza kurudisha kiatu na kuchukua kingine bila kuwaomba ruhusa. Picha msipige, hata ya kupelekea waliochanga. Atakachowaandalia, chai au maandazi, kaeni chini mkile na msiseme "usijisumbue, mama". Mkitoka mwombeni awafundishe sombe ya kwao, inavyotwangwa na inavyochemshwa na mawese, kisha siku hiyo ifike kweli.

Hesabu sasa, kwa makadirio ya bei za dukani. Buti mpya za watoto wa miaka 11 na 8, dola 130 zote mbili. Kadi ya yule wa miaka 15, dola 110. Buti ndogo za mtoto mchanga, 30. Huyu hatembei sana nje, mtumba safi unatosha. Buti za bibi na chuma zake, 75. Glavu, skafu za shingo na soksi za sufu, 65. Suruali mbili za theluji za mitumba, 30. Sufuria na mwiko, 45. Unga, sombe, ndagala na mawese, 40. Jumla 525. Mama sikumweka, kwa kuwa mara nyingi mtu mzima hununuliwa na shirika lake. Mwangalieni miguuni siku ya kwanza, na kama amevaa raba, punguzeni kadi ya kijana kidogo na muongezee mchango.

Zinabaki dola 75. Hizo zikae kwa mtu mmoja mpaka katikati ya Januari. Kufikia hapo glavu mbili tatu zitakuwa zimepotea shuleni, zipu moja imekatika, na itajulikana nani buti zake zinaingiza maji.